Kizuri Hakijiuzi Kikiwa Kimya

Waswahili walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeitumia katika insha tangu nikiwa darasa la sita, na kila mara mwalimu huiwekea alama ya vyema kando yake. Lakini tangu likizo ya Agosti iliyopita nina shaka nayo, angalau kwa upande wa biashara ya picha. Wasomaji wapenzi, nawaomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Anko wangu, yaani mjomba, ndugu yake mama, ni mpiga picha hapa mjini Naivasha. Studio yake ni chumba kimoja chenye pazia la buluu la picha za pasipoti, kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba kisiibwe, na meza. Juu ya meza kuna albamu kubwa ya kazi zake bora ambayo wateja huipekua wakingoja. Picha zizo hizo ameziweka pia katika ukurasa wake wa simu. Likizo ile nilikuwa nikimsaidia kukata picha za pasipoti na kupokea wateja anapokuwa nje.

Katika albamu ile kuna picha moja ya cucu, yaani nyanya, wa kule Kinangop. Ameketi juu ya kigoda mlangoni pa jikoni, amevaa sweta na kitambaa kichwani, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Anacheka hadi macho yamefumba nusu. Lakini hatazami kamera. Anatazama kando, kitu ambacho sisi hatukioni.

Sasa hapa ndipo nilipoona jambo. Anko akiwepo, mteja akifika kwenye ukurasa huo husimama na kuuliza, "Huyu cucu anacheka nini?" Anko humsimulia, mteja naye hucheka, kisha mara nyingi husema, "Na wewe unaweza kuja kwetu? Mama yangu hapendi kuja taoni." Anko akiwa hayupo, mteja huuliza swali lilo hilo, mimi nasema sijui, naye anafungua ukurasa unaofuata. Picha ni ile ile, meza ni ile ile. Kilichopungua ni hadithi, nayo ilikuwa imekaa kinywani mwa Anko peke yake.

Je, chini ya picha kulikuwa kumeandikwa nini? Haya hapa:

"PICHA ZA FAMILIA. Kazi safi, ubora wa hali ya juu, bei nafuu. Tunahifadhi kumbukumbu zako. Karibuni nyote. Piga simu."

Nilimwambia Anko, kwa heshima, kwamba maelezo hayo yana kasoro. Akauliza kasoro gani. Nikayaandika kwenye karatasi, nikaiweka chini ya picha ya harusi, yakafaa. Nikaiweka chini ya picha ya timu ya mpira, yakafaa vilevile. Halafu nikamwambia hata yule mpinzani wake wa ng'ambo ya barabara angeweza kuyachukua na kuyabandika kwake bila kubadilisha neno. Huu ndio mtihani ninaoutumia hadi leo. Maelezo ambayo yanafaa chini ya picha yoyote hayajaeleza picha yoyote. Tena mpiga picha akijisifu kwamba kazi yake ni safi, hamwambii mteja kitu, kwa sababu usafi wa picha mteja anauona kwa macho yake mwenyewe. Afadhali aambiwe kile ambacho macho hayawezi kukiona.

Anko akanitazama, akasema, "Haya, mtu wa Kiswahili. Andika yako." Nikaona hapo nimejitia kitanzi, lakini maji nilikuwa nimeshayavulia nguo.

Nilianza kwa kumuuliza maswali. Mwanzoni hayakuzaa matunda, kwani nilimwuliza, "Ulipigaje picha hii?" naye akanijibu kifundi: lenzi ya milimita 50, flashi imezimwa, asubuhi ya Julai yenye ukungu. Nikabadilisha swali. Nikamuuliza: Ulifika saa ngapi, na nini kilitokea kabla ya kubonyeza? Nani yuko nje ya picha? Kitu gani kilienda kinyume cha mpango? Wewe uliamua nini ambacho mtu mwingine asingeamua? Na cucu mwenyewe alisema nini alipoiona?

Hapo hadithi ikatoka yote. Walifika saa mbili asubuhi. Wanawe cucu walikuwa wametayarisha viti sebuleni, na palikuwa na nguo mpya ya siku hiyo. Cucu akawaambia wangoje kwanza akamue ng'ombe. Kamera ilikuwa tayari, watu walikuwa tayari, na ng'ombe alikuwa hajakamuliwa. Anko hakulalamika, alingoja karibu dakika arobaini. Cucu aliporudi alikuwa na sweta yake ya kila siku, akaketi mlangoni pa jikoni anywe chai. Mara mjukuu wake wa miaka minne akatoka chumbani amevaa ile nguo mpya, anaiburuta chini kama gauni la bibi harusi. Cucu akacheka. Anko akabonyeza.

Na alipoonyeshwa picha cucu alisema: "Ya kitambulisho waliniambia nisicheke."

Nikamuuliza pia kwa nini alichagua mlango. Jibu lake lilinifunza kitu. Ndani ya jikoni kulikuwa na giza na moshi, na flashi ikiwaka penye moshi, ule moshi humulikwa ukaonekana kama pazia jeupe mbele ya uso. Nje kulikuwa na ukungu, na ukungu huueneza mwanga wa jua ukawa laini bila vivuli vikali. Mtu akiketi hatua moja ndani ya mlango, uso hupata ule mwanga laini wa nje, na nyuma yake giza la jikoni hubaki kama kitambaa cheusi. Kwa hiyo hakuhitaji taa wala sebule. Nitarudi kwenye jambo hili, kwani lilikuja kufaa mahali nisipolitarajia.

Nikaandika nakala ya kwanza. Nakiri niliandika kama ninayetafuta alama thelathini na tisa kwa arobaini. Ilianza, "Ilikuwa asubuhi ya majira ya baridi shadidi, ukungu ukiwa umetanda kote mithili ya pamba..." Nilijaza tamathali za usemi, na kufikia mwisho yalikuwa maneno karibu mia mbili. Anko akasoma mistari minne, akasema, "Hii ni risala ama ni maelezo ya picha?" Akanionyesha kwenye simu. Ukurasa wa Instagram huonyesha mistari ya kwanza tu, na yaliyobaki hufichwa hadi mtu ayabonyeze. Ukungu wangu wote ulionekana, cucu akafichwa. Tena ukungu upo tayari kwenye picha, basi niliurudia wa nini? Nikajifunza kwamba sentensi ya kwanza haina budi kuanzia pale jicho linapokwama. Na jicho lilikwama wapi? Lilikwama kwenye kicheko cha cucu kuelekea kando. Basi tuanzie hapo.

Nakala ya pili ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na dhambi mbili.

Ya kwanza ni uongo. Niliandika kwamba cucu hakuwa amewahi kupigwa picha maishani mwake. Ilinoga sana. Anko akaikata kwa kalamu. "Ana ya kitambulisho, ana ya harusi ya kijana wake. Watu wa kwao wataona hii." Alisema kweli. Hadithi ya picha ikipatikana na uongo mmoja, mteja atauliza kama picha yenyewe pia ni ya kweli.

Dhambi ya pili ni nzito zaidi, na lazima nieleze ilikotoka. Babu yangu alifariki nikiwa darasa la saba. Tulipotafuta picha ya kuweka kwenye karatasi ya ibada na juu ya jeneza, hatukupata. Ikabidi ichukuliwe ile ndogo ya kitambulisho, ikakuzwa. Mnajua picha ndogo ikikuzwa huwa namna gani. Ukubwa huongezeka lakini yaliyomo hayaongezeki, kwa hiyo uso hutawanyika ukawa madoa. Babu alionekana kama mtu aliyesimama nyuma ya kioo chenye mvuke, tena amekasirika, na babu yangu hakuwa mtu wa hasira hata kidogo. Nadhani familia nyingi za shule hii zinaijua picha ya aina hiyo.

Basi katika nakala ile nilimalizia hivi: "Usingoje hadi ubaki na picha ya kitambulisho. Leo yuko, kesho hayuko. Piga simu sasa." Niliona ni maneno makali na ya kweli. Anko alinyamaza kwa muda, halafu akasema, "Hii itawafanya watu wapige simu. Lakini watakuja na mzee akijua amepigiwa simu kwa sababu atakufa. Nani atacheka hapo?"

Sikukubali mara moja. Nilibishana naye siku nzima tukikata pasipoti. Nilimwambia si tishio, ni ukweli, mimi mwenyewe yamenikuta. Lakini usiku nilipoifikiria picha ya cucu niliona kwamba Anko ana haki. Picha inasema kicheko, na mwaliko wangu ulikuwa unasema kaburi. Mteja aliyetekwa na kicheko angefika mstari wa mwisho akajikuta matangani. Na hili ndilo ninaloliamini sasa, nalo ndilo kiini cha makala hii: mwaliko wa kuagiza kazi ni lazima uzaliwe na hadithi ile ile ya picha. Ukiubandika pembeni kama stempu, au ukiuchukua kwenye woga wa mtu, mteja huhisi mara moja kwamba alikuwa anasimuliwa ili auziwe.

Kabla ya kuandika nakala ya tatu tulipaswa kupata ruhusa. Wengine hudhani ukishalipwa kupiga picha ni yako kufanya upendavyo. Sivyo. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayetambulika ni data yake, na kuitumia kujitafutia biashara kunahitaji idhini yake. Akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayetoa idhini. Mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na klabu moja ya burudani shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kujifurahisha. Na maelezo nayo yanaongeza uzito, kwa sababu picha inaonyesha uso tu, lakini hadithi inaingia hadi chumbani.

Anko alikuwa na idhini ya picha, lakini hadithi hakuna aliyeiombea. Akampigia simu binti yake cucu, ambaye ndiye mama wa yule mtoto, naye akamsomea cucu maneno yangu kwa Kikuyu. Cucu alikubali, ila akataka mambo mawili yatolewe. La kwanza ni jina la kijiji. La pili ni sentensi moja kuhusu ile nguo. Alisema, "Msiniaibishie watoto." Sentensi hiyo ndiyo iliyokuwa tamu kuliko zote, na nilisikitika kuifuta. Sitaiandika hapa pia. Hadithi iliyobaki ameniruhusu niwasimulie bila jina lake.

Hatimaye tukaufikia mwaliko. Nilimwambia Anko tusikisie, tuorodheshe maswali ambayo watu wenyewe huuliza baada ya kusikia hadithi. Yalikuwa matano: Unafika nyumbani? Siku gani? Bei gani? Tukwambie mapema kiasi gani? La tano huulizwa kwa sauti ya chini: "Lakini nyumba yetu si nzuri sana, itakuwaje?" Hili la tano ndilo huwazuia wengi. Wanaona picha nzuri na kudhani ilihitaji jumba zuri. Na jibu lake lilikuwa lile somo la mlango na ukungu. Mteja hana haja na milimita za lenzi, lakini akijua kwamba mlango ulio wazi unatosha, hofu yake inaisha. Hivyo ndivyo ufundi unavyostahili kuingia katika maelezo, kama jibu la wasiwasi wa mtu.

Tulivutana pia juu ya bei. Anko hakutaka kuiandika, akihofia itawafukuza watu. Nikamwambia asiyeona bei hudhani ni ghali kuliko ilivyo, akaogopa hata kuuliza. Tukaafikiana kuandika bei ya kuanzia. "Piga simu" tuliiondoa, kwa maana ni amri isiyo na pa kuanzia. Mtu anapiga simu aseme nini? Badala yake tukamwomba mteja jambo moja dogo ambalo analijua tayari na anafurahi kulisema.

Haya ndiyo yaliyobandikwa:

"Cucu anamcheka nani? Mjukuu wake wa miaka minne, aliyetoka chumbani akiiburuta nguo mpya ya nyanya yake. Tulikuwa tumefika Kinangop saa mbili asubuhi. Cucu akasema tungoje akamue ng'ombe kwanza, tukangoja. Aliporudi aliketi mlangoni pa jikoni na chai yake, na sweta yake ya kila siku. Alipoiona picha alisema: 'Ya kitambulisho waliniambia nisicheke.'

Tunawapiga wazee picha nyumbani kwao, Jumanne hadi Alhamisi. Hatuhitaji sebule, mlango ulio wazi unatosha. Bei inaanzia shilingi 5,000 kwa picha kumi, nauli tunaelewana kabla ya safari. Tuandikie siku saba mapema, ututajie mahali, na utuambie mzee wako hupenda kupumzika saa ngapi."

Mkitazama vizuri mtaona picha ya kitambulisho imebaki. Lakini sasa imetoka kinywani mwa cucu mwenyewe, tena kwa mzaha, na aliye na babu kama wangu ataelewa bila kutishwa. Mtaona pia kwamba sifa zote zimeondoka, na bado unajua Anko ni mtu wa namna gani, kwa sababu ya neno moja, "tukangoja". Mtu akiandika "sisi ni wavumilivu" nani atamwamini?

Je, yamefaa? Sitatia chumvi. Katika miezi miwili iliyofuata watu wanne waliandika kuhusu picha za wazee, na wawili kati yao waliweka tarehe na kulipa malipo ya kwanza. Mmoja alianza ujumbe wake hivi, "Mama hupumzika saa tisa, akishalisha kuku." Aliyebaki mmoja alisema nauli ni nyingi, na mwingine alinyamaza. Siwezi kuapa kwamba wote waliletwa na maelezo peke yake, kwani labda mmoja alisikia kanisani. Lakini najua kwamba ile albamu sasa hujisimulia hata Anko akiwa nje, na mimi sijibu tena "sijui". Najua pia kwamba maelezo haya yanafaa picha hii moja tu. Tulipojaribu kuandika ya picha ya harusi kwa mtindo huo huo, Anko hakukumbuka kilichotokea siku ile, tukaiacha. Tangu hapo hubeba kijitabu mfukoni, na kabla ya kuondoka kwa mteja huandika mistari mitatu: nani alikuwa nje ya picha, nini kilienda kombo, na nani alisema nini.

Wapo watakaonipinga na kusema picha nzuri haihitaji maneno. Rafiki yangu mmoja wa upigaji picha amenikejeli hivyo tayari. Nami namjibu kwamba picha hukata. Ina pande nne, na kila kilicho nje ya pande hizo kimeachwa. Yule mtoto ndiye chanzo cha picha nzima, na hayumo. Hata kamera iwe ghali namna gani, haiwezi kumrudisha. Maneno machache yanaweza.

Kwa hiyo methali naiheshimu, lakini naomba niongeze kijineno. Kizuri chajiuza, naam, ikiwa mwenyewe yupo karibu akisimulia. Akitoka kwenda kunywa chai, kizuri kinabaki mezani kimya, na wateja wanafungua ukurasa unaofuata.